Koti la juu ya sweta: lebo husoma mwili wako, futi husoma koti

*Fundi, shikamoo. Mwishoni mwa Februari nakwenda Harbin, kaskazini mwa China, kusoma. Nina sweta zito la sufu na nataka koti la kuvaa juu yake. Muuzaji mmoja Kariakoo kaniambia nipande saizi mbili. Dada yangu anasema nichukue saizi yangu ileile, kwa sababu makoti hushonwa makubwa. Kwenye lebo naona L, 50, na 175/96A. Nimsikilize nani? Urefu wangu ni sentimita 176, kifua 94.*

Marahaba, kijana wangu. Msikilize dada yako, lakini usiondoke nyumbani bila futi ya fundi cherehani, ile ya utepe.

Tuanze na hizo lebo, maana ndizo zinazowachanganya wengi. Namba iliyoandikwa kwenye lebo ya koti inataja mwili wa mtu ambaye koti limekusudiwa, haitaji ukubwa wa koti lenyewe. Hiyo 175/96A ni lebo ya Kichina, na kwa mtu mwenye futi ndiyo rahisi kuliko zote: mvaaji ana urefu wa sentimita 175 na kifua cha sentimita 96. Herufi A inaonyesha umbo, yaani kifua kimezidi kiuno kwa kiasi gani. Kwa wanaume, A ni tofauti ya sentimita 12 hadi 16, B ni 7 hadi 11. Kwa hiyo mwenye kitambi kidogo atafute B, asikimbilie namba kubwa ya kifua. Namba 50 ni ya Ulaya, nayo kwa makoti ya kiume ni nusu ya kifua, kwa hiyo ni mtu wa kifua sentimita 100. Ukikuta 38 au 40 ya Uingereza au Marekani, hizo ni inchi za kifua; 38 ni kama sentimita 96 na nusu. Ama L peke yake haina maana yoyote mpaka ujue imetoka wapi. L ya Kimarekani inaweza kummeza mtu ambaye L ya Kichina inambana.

Sasa, koti la 96 likilazwa mezani na kupimwa, halitoi 96. Litatoa 110, 115, hata 120. Hiyo ziada ameiweka mshonaji makusudi, kwa sababu anajua koti la baridi halivaliwi juu ya ngozi. Amekwisha kuhesabu shati na sweta. Unapopanda saizi mbili kwa ajili ya sweta unalihesabu sweta mara ya pili. Kosa hilohilo hufanywa na anayepima kifua juu ya sweta kisha akaitafuta namba hiyo kwenye lebo. Kwa kusomea lebo, pima kifua juu ya fulana nyepesi. Wewe ni 94, na lebo iliyo karibu yako kwa juu ni 96. Anza na hiyo.

Nimesema anza, sikusema maliza. Washonaji hawana makubaliano kuhusu sweta wanaloliwazia. Koti la mtindo wa kubana linawaza sweta jepesi la kuvalia ofisini. La wachimba mitaro linawaza masweta mawili. Yote mawili yanaweza kubeba lebo moja. Ndiyo maana baada ya lebo kinachofuata ni futi.

Jipime mara mbili. Mara ya kwanza juu ya fulana, futi ikipita chini kidogo ya kwapa na juu ya sehemu iliyotuna zaidi ya kifua, iwe sawasawa mbele na nyuma, mikono ikiwa imeshushwa. Hapo ndipo umepata 94. Mara ya pili vaa kila kitu utakachovaa kule: nguo ya ndani ya baridi, shati, sweta. Pima tena palepale, futi ilale juu ya sweta bila kulikandamiza. Watu hudhani sweta zito huongeza sentimita 15, lakini haliongezi hata nusu ya hapo. Unene ukizunguka kifua huongeza mzunguko kwa kama mara sita ya unene wenyewe. Nguo zenye jumla ya unene wa sentimita moja huongeza kama sentimita 6. Sweta lako na shati, nikikisia, vina kama milimita 6 au 7, basi utapata karibu 98. Nitatumia hiyo 98 hapa chini. Wewe weka namba yako utakayoipata.

Juu ya 98 unahitaji nafasi ya kusogea na ya hewa. Kwa koti la baridi kali lenye kujazwa manyoya au pamba, mimi hutafuta sentimita 10 hadi 14 ndani ya koti juu ya kipimo cha sweta. Chini ya 8, sweta na koti vinaanza kukandamizana. Ikipita 18, koti linaanza kuwa hema. Kwako ina maana ndani ya koti pawe na kati ya 108 na 112.

Nimesema ndani ya koti, na hapa ndipo hata wauzaji wazoefu hukosea. Funga zipu, lilaze koti mezani, pima kutoka mshono wa kwapa hadi kwapa. Kwa koti la kitambaa cha sufu, lisilojazwa, zidisha mara mbili na kazi imekwisha. Unene wake ni mdogo sana kubadilisha hesabu. Lakini jaketi lililojazwa lina kuta nene, na ulichopima ni nje. Ukingo wa kushoto umekula unene mmoja wa ukuta, ukingo wa kulia umekula mwingine. Kwa hiyo toa unene mara mbili kwanza, kilichobaki ndicho uzidishe mara mbili. Unene unaupata kwa kuushika ukuta wa mbele, karibu na kifua, kati ya vidole viwili bila kuuminya, ukaweka rula pembeni.

Kwa wanaonunua mtumba pale Karume kuna jambo jingine. Jaketi la manyoya linalotoka kwenye robota limekandamizwa kwa wiki nyingi, pengine miezi. Likitolewa ni bapa kama chapati. Ukilijaribu hapohapo litakukaa vizuri sana, utalipa, utakwenda nalo nyumbani, na siku mbili baadaye litakuwa limetuna na zipu inafunga kwa shida juu ya sweta. Likung'ute kwa nguvu, lipigepige kwa viganja kama unavyopiga mto wa kulalia, lining'inizwe nusu saa huku ukiangalia mengine. Kisha pima unene. Kama baada ya kukung'utwa bado kuna mabonge yaliyogandamana na sehemu tupu kati yake, liache. Manyoya hayo yalifuliwa vibaya na joto lake limekwenda.

Tuchukue makoti matatu ya kujazwa, yote unene wa ukuta sentimita 2, yametundikwa safu moja.

La kwanza lina lebo 175/92A. Kwapa hadi kwapa kwa nje ni 55. Toa 4, inabaki 51, mara mbili ni 102. Juu ya sweta lako umebakiwa na sentimita 4. Zipu itafunga, na ukisimama mbele ya kioo utaonekana nadhifu kuliko kwenye yale mawili mengine. Hili ndilo linalowadanganya vijana. Joto la koti halitoki kwenye kitambaa, linatokana na hewa tulivu iliyonaswa kati ya manyoya na kati ya nyuzi za sweta. Sweta likisukuma manyoya kutoka ndani, na kitambaa cha nje hakina pa kwenda, hewa inaminywa ikatoka. Baridi utaisikia kwanza pale palipobanwa zaidi, mabegani, mgongoni kati ya mabega na kwenye viwiko. Koti halina kasoro, nafasi ndiyo imekosekana.

La pili ni 175/96A. Kwa nje 59, toa 4, inabaki 55, mara mbili 110. Umebakiwa na 12. Hili ndilo la kwako upande wa kifua, na ni ile lebo iliyokuwa karibu yako tangu mwanzo.

La tatu ndilo alilokushauri muuzaji, saizi mbili juu, 185/104A. Kwa nje 66, toa 4, ni 62, mara mbili 124. Ziada ni 26. Ukitembea, koti linapanuka na kusinyaa, na kila hatua inasukuma hewa ya joto itoke shingoni na kuvuta ya baridi kutoka chini ya pindo. Harbin wakati wa Februari baridi bado inashuka zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, na upepo upo. Kama umeshalinunua koti la namna hii usilitupe. Angalia kama lina kamba ya kukaza kiunoni na nyingine kwenye pindo, maana zikikazwa hupunguza sana huo upepo. Lakini mabega yake hayatarekebishika, na mikono itakuwa imetengenezwa kwa mtu mrefu kuliko wewe kwa sentimita 9.

Kifua kikishakubali, nenda begani na kwenye kwapa, na hapa usiwe na haraka. Makoti mengi yanayorudishwa kwangu kwa malalamiko kwamba yanabana hayabani kifua hata kidogo. Yanabana pale mkono unapoungana na kiwiliwili, kwa sababu mkono wa sweta ni bomba la kitambaa kinene linalopita ndani ya bomba jingine, na kwapani vitambaa vinakutana na kukunjana. Mshono wa bega uangukie kwenye mfupa wa mwisho wa bega ukiwa umevaa sweta, au upite kidogo, sentimita moja hadi mbili. Ukiwa ndani ya mfupa, kuelekea shingoni, koti ni dogo, hata kama kifua kina nafasi. Yapo makoti ambayo mshono wa mkono unapanda kutoka kwapani moja kwa moja hadi shingoni, hayana mshono wa bega kabisa. Haya husamehe sana juu ya sweta, na kama ukikuta mawili yanalingana kwa mengine yote, chukua hilo.

Dalili ya kwapa finyu unaiona unapovaa: mkono wako unafika mwisho wa mkono wa koti lakini mkono wa sweta umebaki umejikunja juu ya kiwiko, na ukiuvuta unarudi. Dalili nyingine, ukishusha mikono haishuki wima, inasimama mbali kidogo na mbavu. Usidhani kwapa lililoshuka sana ndiyo dawa. Kwapa likiwa chini mno, ukiinua mkono koti zima linapanda na tumbo linabaki wazi. Vidole vinne vilivyolazwa viingie kwa raha kati ya kwapa la sweta na kwapa la koti. Ngumi nzima ikiingia, ni chini mno.

Kisha fanya majaribio haya ukiwa na sweta ndani na zipu imefungwa mpaka kidevuni. Jikumbatie, kila kiganja kishike bega la upande wa pili; mgongo ukivutika mpaka ukahisi mshono, koti ni dogo. Inua mkono kana kwamba umeshika bomba la daladala, uangalie pindo limepanda kiasi gani na mkono wa koti umerudi wapi. Kifundo cha mkono kisibaki wazi, kwa sababu kule utavaa glavu na ule uwazi mdogo kati ya glavu na koti ndio baridi inaupenda. Mkono ukiwa umeshuka, ukingo wa mkono wa koti ufike mwanzo wa kidole gumba. Halafu kaa kwenye stuli. Koti linalofika mapajani likikunja na kukusukuma kidevu, tafuta lenye zipu inayofunguka pia kutoka chini. Mwisho weka skafu shingoni ndani ya kola na ufunge tena. Wengi hukumbuka hili wakiwa wameshafika.

Kina dada wanaosoma hapa, hesabu ni ileile lakini nyonga ndiyo huamua mara nyingi kwa koti refu. Pima nyonga juu ya suruali nzito, acha sentimita 8 hadi 10, na kama nyonga inataka saizi moja juu ya kifua, nunua kwa nyonga.

Kuhusu kujaribia hapa mjini: joto la Dar litakudanganya. Ukivaa sweta la sufu saa saba mchana kwenye kibanda cha bati, jasho linaligandisha sweta mikononi, kila koti linaonekana linabana, na unaishia kuchukua kubwa ili upumue. Wengine hufanya kinyume, wanavua sweta na kujaribu koti juu ya fulana, kisha wanakisia. Nenda asubuhi mapema, kabla jua halijapanda. Beba sweta lenyewe mkononi, si jingine linalofanana nalo, na livae dakika ileile unayotaka kujaribu. Ndani yake vaa nguo ya ndani yenye mikono mirefu ili sweta liteleze. Jaribu koti moja, vua vyote, pumzika mbele ya feni, ndipo ujaribu la pili. Kama uko na mwenzako, akupige picha ukiwa umejikumbatia, kwa nyuma. Mikunjo ya mgongo utaiona vizuri kwenye picha kuliko kwenye kipande cha kioo cha muuzaji.

Kumbuka pia kwamba majengo ya kule hupashwa joto majira yote ya baridi. Ukiingia darasani utavua koti na kubaki na sweta. Ukiona sweta lako ni zito kiasi cha kukutoa jasho ndani, ni afadhali masweta mepesi mawili kuliko hilo moja. Nafasi ya kwenye koti itabaki karibu ileile, na utaweza kupunguza moja.

Kama umepata koti zuri lenye kasoro ndogo, jua fundi anaweza nini. Koti la sufu lisilojazwa linapunguzwa kiuno na kufupishwa mikono bila shida. Kuongeza upana ni jambo jingine: fungua bitana utazame ukingo wa mshono wa pembeni. Mara nyingi utakuta sentimita moja na nusu tu, kwa hiyo huwezi kupata zaidi ya sentimita mbili kwa pande zote mbili, na alama ya mshono wa zamani itaonekana. Mabega na makwapa usimruhusu mtu ayaguse. Jaketi la manyoya liepushe na sindano kabisa, kwa sababu kila tundu jipya ni mlango wa manyoya kutoka. Likiwa na mikono mirefu kwa sentimita mbili, liache hivyo, glavu zitaishika.

Na usilipakie kwenye ule mfuko wa kunyonya hewa muda mrefu kabla ya safari. Livae au libebe mkononi kwenye ndege, maana mizigo ikichelewa utatoka nje ya uwanja wa Harbin na shati la Dar es Salaam.